Mzee akinyamaza, kamera inaendelea

Je, wajua? Kwa nini waandaaji wa filamu za historia simulizi humwacha mzee anyamaze muda mrefu, hata mkalimani akiwa tayari kutafsiri?

Kwa sababu mkalimani akiwepo, kimya kinakuwa na maana mbili. Mzee anaweza kuwa amesimama ili maneno yake yatafsiriwe, au bado anakumbuka. Anayekosea kutofautisha hukata masimulizi mahali ambapo jambo kubwa lilikuwa njiani.

Chukua mfano wa bibi wa Ugogo, Dodoma, anayesimulia kwa Kigogo jinsi familia yake ilivyohamishiwa kijiji kipya wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Anaulizwa siku ya kuhama ilikuwaje. Anajibu, "Tulihama," kisha kimya. Mkalimani mwenye haraka atasema, "Anasema walihama," na mwulizaji ataingiza swali la pili. Wakisubiri, pengine baada ya nusu dakika bibi ataeleza kwamba mtama ulibaki shambani, na kwamba tembe la baba yake lilibomolewa wao wakiwa wanatazama. Swali jipya lingemtoa kwenye lile tembe, na kumrudisha huko ni kazi ngumu.

Ndiyo maana makubaliano hufanyika kabla ya kamera kuwashwa. Mkalimani hatafsiri mpaka bibi amgeukie au mwulizaji ampe ishara ndogo ya mkono. Hukaa bega kwa bega na mwulizaji, karibu na kamera, ili macho ya bibi yasihangaike huku na kule. Mwulizaji naye humtazama bibi wakati wote, hata asipoelewa neno. Akimtazama mkalimani, bibi hujiona kama anazungumziwa pembeni. Na bibi akisema "nililia", tafsiri ni "nililia", si "anasema alilia".

Kimya chenyewe husomwa usoni. Macho yakienda mbali na vidole vikichezea ncha ya kanga, subiri. Akimtazama mkalimani, anangoja tafsiri. Lakini akianza kutazama mlangoni na majibu yakawa mafupi, amechoka au hataki kwenda huko, na hapo mazungumzo husimama. Kumsubiri aliyekataa ni kumbana. Saa moja yatosha, ingawa tafsiri hula karibu nusu yake.

Bibi na mkalimani kila mmoja huvaa maikrofoni yake, na sauti zao hurekodiwa kwenye njia mbili tofauti, ili tafsiri iweze kuondolewa bila kugusa sauti ya bibi. Tafsiri ya papo kwa papo hutosha kuendesha mazungumzo tu. Maandishi ya chini ya picha hutokana na kusikiliza rekodi upya, sentensi kwa sentensi, na mjuzi wa pili wa Kigogo, anayeandika pia kila kimya kilidumu sekunde ngapi.