Pengo la kumbukumbu: kijana anapolewa bila kuonekana amelewa

Mpwa wangu ana miaka 16. Jumamosi moja alikwenda kwenye sherehe ya kipaimara hapa Mpunguzi, Dodoma, akarudi saa nne usiku. Nilikuwa kibarazani. Akanipa shikamoo vizuri, akakaa, tukaongea kama dakika kumi kuhusu mpira na mbuzi aliyepotea. Hakupepesuka. Nilinusa mvinyo, nikajisemea huyu kaonja tu, akalale.

Asubuhi nikagundua kwamba mazungumzo yale hayakumo kichwani mwake. Mbuzi hamkumbuki, na wala hakumbuki kuvuka barabara kuu ya Iringa, ambako malori hupita usiku kucha.

Hicho ndicho ninachokiita pengo la kumbukumbu. Watu wengi hukichanganya na kuzima. Aliyezima amelala fofofo, humwamshi. Mwenye pengo yuko macho, anatembea, anajibu, hata anacheka mahali pa kucheka, ila ubongo wake umeacha kurekodi. Kesho hutamrudishia kumbukumbu kwa kumsimulia, kwa sababu haikuwahi kuandikwa.

Nafundisha baiolojia sekondari, na hili nililijua vitabuni kabla halijaingia nyumbani kwetu. Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Kazi yake kubwa ni kulichukua tukio la sasa hivi na kulihifadhi ili lidumu. Seli zake hupashana habari kwa kemikali inayowasha. Pombe huizuia kemikali hiyo isifanye kazi, na wakati huohuo huipa nguvu kemikali nyingine inayozima. Pombe ikipanda haraka kwenye damu, hipokampasi hushindwa kuhifadhi wakati miguu na ulimi bado vinaendelea na kazi. Ndiyo maana pengo huwapata zaidi wanaokunywa upesi na wenye tumbo tupu, kuliko anayekunywa kidogokidogo huku anakula.

Sasa kwa nini kijana? Katika umri huo hipokampasi bado inajijenga, na njia zake za kujifunzia ziko wazi na zina shughuli kuliko za mtu mzima. Njia hizohizo ndizo pombe inazozishambulia. Panya wadogo wa umri wa kubalehe wakipewa pombe hushindwa kujifunza kwa kiasi ambacho panya wakubwa bado wanamudu. Lakini panya haohao wadogo huchelewa kusinzia na huchelewa kuyumba. Kwa binadamu ushahidi ni mchache zaidi, maana hakuna mtafiti atakayeruhusiwa kumnywesha mtoto pombe. Kuna jaribio dogo la mwaka 1998 lililolinganisha watu wa miaka 21 hadi 24 na wa miaka 25 hadi 29. Walikuwa na pombe sawa mwilini, na wale wadogo ndio waliosahau zaidi.

Ukiweka pamoja kusahau upesi na kuchelewa kuyumba, utaona mtego ulipo. Mtu mzima kengele yake ni usingizi na miguu: akizidisha, anasinzia au anayumba, anaacha. Kengele hiyo kwa kijana hulia kwa kuchelewa, wakati kumbukumbu imeshaanza kuharibika. Wenzake humsifu kuwa ana kichwa kigumu. Sisi watu wazima nasi tunampima kwa kumwangalia anavyotembea, kama nilivyofanya mimi pale kibarazani. Juu ya hayo, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayosema "hapa inatosha", hukomaa mwisho kabisa, miaka ya ishirini na kitu. Kijana anaianza safari na breki ambayo haijamalizika kufungwa.

Baadaye nilijua alichokunywa. Si ujimbi, ambao ni mzito na hujaza tumbo kama uji. Ulikuwa mvinyo wa kupima, vikombe viwili vya chai vikubwa, kila kimoja kama mililita 300, kabla wali haujapakuliwa. Mvinyo wa asilimia 12 kwa kiasi hicho una gramu 57 hivi za pombe halisi, karibu sawa na bia tatu za nusu lita. Alivimaliza harakaharaka kwa sababu walikuwa wamejificha nyuma ya jiko. Zabibu zetu ni tamu, na huo utamu unadanganya.

Dada yangu alishamhoji asubuhi. "Nani alikupa? Kina nani mlikuwa nao?" Alipata ukimya, na haki yake: maswali yale yalimtaka mtoto awataje rafiki zake, tena kichwa kikiwa kinamuuma. Mimi nikasubiri saa kumi jioni, nikamwita shambani kupogoa mizabibu. Kazi ya mikono inasaidia sana, kwani hamlazimiki kutazamana.

"Mjomba," nikamwambia, na yeye huniita hivyohivyo, "jana usiku tuliongea nini kibarazani?"

Akafikiri. "Uliniuliza kama nimekula."

"Hilo nimekuuliza leo asubuhi."

Akaacha kukata. Nikanyamaza, na kunyamaza huko kulinigharimu kuliko lolote nililosema siku ile. Baada ya muda akauliza mwenyewe: "Kwani nilirudi na nani?"

"Peke yako. Ulivuka barabara peke yako."

Hapo nikakosea. Nikaanza somo la hipokampasi, na macho yake yakahamia kwenye mkasi. Nikakatisha, nikamuuliza yeye alijisikiaje baada ya kikombe cha kwanza. "Kawaida tu. Ndiyo maana nikaongeza."

Jibu hilo lilikuwa na kila kitu nilichotaka kumweleza, nami nikalitumia: "Basi hiyo kawaida ndiyo inayokudanganya. Kwa umri wako kichwa kinaacha kuandika kabla mwili haujakwambia umelewa. Kwa hiyo huwezi kujipima kwa unavyojisikia." Sentensi tatu, zikatosha. Sikumwambia ameshaharibu ubongo, kwa sababu usiku mmoja hauthibitishi hivyo, na angeona tu kuwa namtisha. Nilimwambia waziwazi kwamba sitaki anywe kabla ya miaka 18, na kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inamkataza mtu yeyote kumuuzia pombe. Kosa hilo ni la muuzaji, si la mtoto, na hilo lilimshangaza.

Kisha tukaongea kuhusu mwenzake atakayezima kweli. Alidhani dawa ni maji baridi kichwani na kahawa. Vyote viwili havipunguzi pombe kwenye damu. Aliyezima alazwe kwa ubavu asipaliwe na matapishi, wala asiachwe peke yake. Akiwa haamki, ngozi imepoa, au pumzi zinaachana kwa sekunde kumi au zaidi, ni hospitali, hata kama wazazi watajua.

Mapatano yetu yalikuwa moja: akijikuta mahali penye pombe, yeye au rafiki yake, anipigie simu saa yoyote, nitakuja na pikipiki, na usiku huo sitauliza swali.

"Na mama hutamwambia?"

"Nitamwambia. Ila kesho yake, na wewe ukiwepo."

Akainama tena kwenye mzabibu, akanionyesha tawi. "Hili nalikata hapa au chini ya jicho?"