Kuomba nauli unapofanya mafunzo kazini bila mshahara

Kuanzia Mei hadi Agosti, ofisi nyingi za Malindi hupokea wanafunzi wa mafunzo kazini, wale tunaowaita watu wa atachimenti. Kama mratibu wa mafunzo hayo chuoni, malalamiko ninayoyasikia zaidi si ya kazi ngumu. Ni ya nauli. Mwanafunzi anajua mshahara hakuna na alikubali hivyo, lakini kufika wiki ya tatu mfuko umekauka naye anaona haya kusema.

Tumchukue msichana anayekaa Gede na kufanya mafunzo katika ofisi moja mjini Malindi. Tuseme matatu inamtoza shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, na mchana anakula chapati na maharagwe za shilingi 100. Kwa siku ni 300; kwa siku 22 za kazi ni 6,600. Hesabu hiyo aiandike daftarini siku kwa siku kwa wiki mbili kabla hajafungua mdomo. Mkubwa akiambiwa "nina shida ya nauli" atamhurumia, basi. Akiambiwa "nauli yangu ni mia mbili kwa siku" ana kitu cha kupeleka kwa mhasibu.

Hapo kwa mhasibu ndipo maombi mengi yanapokwama, na wanafunzi hudhani wamenyimwa kwa roho mbaya. Ofisi ndogo hulipa vitu kama hivi kutoka kwenye pesa za matumizi madogo madogo, na kila shilingi inayotoka huko lazima iwe na karatasi ya kuitetea wakaguzi wakija. Makanga hatoi risiti. Kwa hivyo usiombe kurudishiwa nauli uliyotumia. Omba kiwango maalumu kwa kila siku uliyofika, ulipwe kulingana na sahihi zako kwenye kitabu cha mahudhurio. Kitabu hicho tayari kipo, na mhasibu anakiamini. Ukiweza kumlipa makanga kwa M-Pesa, zitunze zile meseji, maana zinathibitisha kuwa kiwango ulichotaja hukukibuni.

Kabla ya kuomba, isome tena barua ya kukubaliwa. Ikisema wazi "hakuna malipo yoyote", bado unaweza kuuliza, ila ujue unaomba hisani. Ikinyamaza kuhusu nauli na chakula, una nafasi zaidi. Mwulize pia karani au mwanafunzi aliyekutangulia kama kuna aliyewahi kupewa.

Ombi lianzie kwa msimamizi wako wa kila siku. Ukimruka ukaenda kwa meneja, umemwaibisha, na yeye ndiye atakayejaza fomu yako ya tathmini. Usiliseme mbele ya wenzake wala kwenye grupu la WhatsApp. Mwisho wa mwezi, mahesabu yakifungwa, si wakati wake. Na kwa ofisi za serikali, Juni ndio mbaya zaidi kwa sababu mwaka wa fedha unaisha tarehe 30. Mngoje atulie, kisha useme kwa ufupi:

"Shikamoo Madam. Nashukuru kwa kazi mnayonifunza. Nilikuwa naomba kuuliza: ninatoka Gede, na nauli yangu ni shilingi 200 kwa siku. Je, ofisi ina utaratibu wowote wa kumsaidia mwanafunzi kwa nauli, hata kama ni sehemu yake? Kama haupo, nitaelewa."

Halafu nyamaza. Wengi huharibu hapa: wanaendelea kusimulia karo, mama mgonjwa na kodi ya nyumba, mpaka ombi la mia mbili linageuka mzigo ambao msimamizi hawezi kuubeba. Akikuambia uandike, andika maneno hayo hayo kwa nusu ukurasa, uambatishe hesabu yako.

Chakula kiache kiwe ombi la pili, na mara nyingi hakihitaji pesa. Ofisi ambayo wafanyakazi huchanga kwa mama wa jikoni inaweza kukuongeza sahani moja bila karatasi yoyote.

Safari za kikazi ni jambo jingine kabisa. Ukitumwa benki au kupeleka barua Mambrui, hiyo si posho yako; ni gharama ya ofisi, nawe huombi fadhila. Uliza kabla ya kuondoka: "Nauli ya kwenda huko nichukue kwa nani?" Ukishatanguliza yako, kuidai baadaye ni kazi.

Jibu likiwa hapana, uliza kama kuna mfanyakazi anayepita Gede kwa gari asubuhi. Kupunguza siku za kufika kunawezekana pia, lakini zungumza kwanza na chuo, kwa sababu saa za mafunzo zinahesabiwa na pengo litaonekana kwenye daftari lako la kazi. Usianze kukosa kimya kimya: kwenye fomu ya tathmini, nauli iliyokosekana itasomeka kama utoro.