Ulinganifu wa nguvu katika majibu ya dodoso: kwa nini "sikubali sana" si kinyume cha "nakubali sana"

Dodoso nyingi za utafiti humpa mhojiwa kauli, kisha humtaka achague jibu moja kati ya matano, kutoka kukataa kwa nguvu hadi kukubali kwa nguvu. Mpangilio huo unaitwa kipimo cha Likert, kwa jina la Rensis Likert aliyeueleza mwaka 1932. Majibu hupewa namba 1 hadi 5, na mtafiti hujumlisha namba hizo na kutafuta wastani. Hesabu hiyo ina maana iwapo tu pande mbili zinalingana: umbali wa "nakubali sana" kutoka katikati uwe sawa na umbali wa jibu la mwisho la upande wa kukataa. Ulinganifu wa nguvu ndio huo, na dodoso inapotafsiriwa huweza kupotea bila mtu kugundua.

Katika Kiswahili hupotea kwenye kanushi. Mfasiri anaandika "nakubali sana" na "nakubali" upande mmoja, halafu kwa kutaka usawa anaandika "sikubali" na "sikubali sana" upande wa pili. Kwenye karatasi pande zote zinapendeza. Lakini mtu akikwambia "sipendi sana chai", hujaelewa kwamba anaichukia. Umeelewa kwamba haipendi kivile. Neno "sana" limeingia ndani ya kanushi na kulilegeza. Vivyo hivyo "sikubali sana" husikika kama kutokubali kwa kiasi, jibu laini kuliko "sikubali" tupu. Ngazi mbili za chini zimebadilishana nafasi.

Tuchukue watu 40 wasioikubali kauli "Maelezo niliyopewa yalieleweka". Kumi wanaikataa kwa nguvu, 30 kwa kiasi. Ilipaswa wale 10 wapate 1 na wale 30 wapate 2, jumla 70, wastani 1.75. Wakiisoma lugha kama ilivyo, wale wakali watachagua "sikubali", yaani 2, na wale wapole "sikubali sana", yaani 1. Jumla inakuwa 50, wastani 1.25. Ripoti itasema watu wamekasirika kuliko walivyokasirika kweli.

Tafsiri ya kurudisha, yaani kumpa mfasiri wa pili airejeshe dodoso kwenye lugha ya awali, mara nyingi hailioni kosa hili. Mfasiri huyo anazijua dodoso, anaona jibu limekaa mwisho wa safu, na analirudisha kama kutokubali kwa nguvu. Kinachosaidia ni kadi. Andika kila jibu kwenye kadi yake bila namba, zichanganye, kisha waombe watu kama 10, mmoja mmoja, wazipange kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Wengi wakiiweka "sikubali" karibu zaidi na kukataa kabisa kuliko "sikubali sana", umepata jibu kabla ya kuchapisha nakala hata moja. Ukiwataka pia waziweke kadi kwenye mstari wa 0 hadi 100, utaona kama mianya kati yake inakaribiana.

Kurekebisha si kubadili neno moja tu. "Kabisa" ni nzuri kuliko "sana", lakini nayo huteleza: anayesema "sijapona kabisa" kwa kawaida bado ana mabaki ya ugonjwa tu. "Napinga sana" haina kanushi, ila kupinga ni tendo, ni zaidi ya kutokubali, na mtu mpole ataikwepa hata kama haafiki. Mimi huegemea "sikubali hata kidogo" dhidi ya "nakubali kabisa", na ngazi za ndani ziwe "sikubali kwa kiasi fulani" na "nakubali kwa kiasi fulani". Hata hizo huzipitisha kwenye kadi.

Pale dodoso inaposomwa kwa sauti, kuna njia ninayoiamini zaidi: kuligawa swali. Kwanza, "Unakubali au hukubali?" Kisha, "Ni kwa nguvu, au kwa kiasi tu?" Neno la kiwango limetolewa nje ya kanushi, na pande zote mbili zinapimwa kwa maneno yaleyale. Gharama yake ni muda, na matokeo hayatalinganishwa moja kwa moja na ya dodoso iliyouliza kwa hatua moja.

Kama data zimeshakusanywa, tazama maswali mengine ya mada hiyohiyo. Waliochagua 1 wakionekana wapole kwingineko kuliko waliochagua 2, ngazi zilipinduka. Usizigeuze namba, kwa sababu si wote walioisoma hivyo; wapo waliofuata nafasi ya jibu kwenye safu. Unganisha 1 na 2 kuwa kundi moja la wasiokubali, na upande wa pili unganisha 4 na 5. Utajua wangapi hawakubali, ila hutajua kwa nguvu gani.