Rangi Moja ya Nembo, Ngazi Nane: Namna ya Kuipausha na Kuikoleza Isipoteze Sura Yake

Taasisi nyingi zina rangi moja tu iliyopitishwa rasmi. Imo kwenye nembo, kwenye barua na kwenye bango la getini. Shida huanza pale mhasibu au afisa mawasiliano anapokaa kuandaa taarifa ya mwaka: chati ina makundi matano, kuna visanduku vya maelezo, kuna ukurasa unaohitaji rangi ya nyuma isiyoumiza macho, na mkononi ana rangi moja. Wengine huazima nyekundu na zambarau kutoka kwenye programu, taarifa ikatoka kama kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Wanaojua zaidi hutumia safu za rangi nyepesi na nzito ambazo PowerPoint, Word na Excel huzipanga zenyewe chini ya kila rangi. Makala hii inawahusu hasa hawa wa pili, kwa sababu safu zile zina kasoro ambayo wengi huiona bila kujua chanzo chake.

Tuchukue kijani kizito kinachoelekea samawati, ambacho msimbo wake ni #006666. Msimbo huandikwa kwa namba za msingi wa 16, na maana yake ni kwamba nyekundu ni 0, kijani ni 102 na buluu ni 102, kila kimoja kikipimwa kati ya 0 na 255. Ni rangi tulivu, na vyama vya ushirika na zahanati wanaipenda. Sasa ifanye nyepesi kwa njia ya programu hizo. Programu huitazama rangi kwa vipimo vitatu, yaani aina ya rangi, ukolezi na mwanga, kisha hupandisha mwanga peke yake na kuacha ukolezi pale pale. Rangi yetu ina mwanga wa asilimia 20 na ukolezi wa asilimia 100. Ukipandisha mwanga hadi asilimia 84, ukolezi ukabaki 100, unapata #ADFFFF. Jaribu kuiweka nyuma ya maandishi: ni samawati inayowaka kama taa ya duka la simu. Hakuna atakayeamini kuwa ni ndugu wa ile ya kwenye nembo. Hali hii huzipata zaidi rangi nzito zilizokolea sana. Rangi iliyopooza tangu mwanzo haiathiriki kiasi hicho, ndiyo maana mwenzako wa taasisi nyingine anaweza kukuambia haoni tatizo lolote.

Njia ya pili ni kuchanganya rangi na nyeupe, kama maziwa yanavyoongezwa kwenye chai ya rangi. Mwanga unapanda na ukolezi unashuka kwa pamoja, na jicho linakubali kwamba hii ni rangi ile ile. Hesabu yake haihitaji programu ya mbunifu. Kwa kila moja ya namba tatu za rangi, zidisha kwa asilimia ya rangi unayotaka ibaki, halafu ongeza 255 mara asilimia ya nyeupe. Tukitaka rangi asilimia 20 na nyeupe asilimia 80, nyekundu inakuwa 0 × 0.2 + 255 × 0.8, yaani 204. Kijani na buluu zinakuwa 102 × 0.2 + 255 × 0.8, yaani 224 baada ya kukadiria hadi namba nzima iliyo karibu. Msimbo wake ni #CCE0E0, na ukiiweka kando ya #ADFFFF tofauti inajieleza yenyewe. Kwenda upande wa giza ni rahisi zaidi, kwani nyeusi ni sifuri: unazidisha tu kwa kile kinachobaki. Ngazi nzima ya rangi yetu ni hii:

```
10%              #E6F0F0
20%              #CCE0E0
40%              #99C2C2
60%              #66A3A3
80%              #338585
100%             #006666
nyeusi 25%       #004D4D
nyeusi 50%       #003333
```

Ngazi nane zinatosha. Nimeona miongozo yenye ngazi ishirini, na wanaoitumia huishia kwenye nne.

Kupata ngazi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kila moja inaweza kubeba nini, na hapa jicho la mtengenezaji si shahidi mzuri, maana yeye anatazama skrini yake mpya akiwa karibu nayo. Kipimo kinachotumika ni uwiano wa mwanga kati ya rangi mbili, unaoanzia 1 (hakuna tofauti) hadi 21 (nyeusi juu ya nyeupe). Miongozo ya WCAG, ya kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote, inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, inataka maandishi ya kawaida yafikie angalau 4.5, na maandishi makubwa angalau 3. Toleo la 2.1 la mwaka 2018 liliongeza kwamba sehemu za mchoro zinazohitajika ili mchoro ueleweke nazo zifikie 3 dhidi ya kilicho jirani nazo. Vikokotoo vya kupima uwiano huu viko bure mtandaoni; unaingiza misimbo miwili tu.

Tukiipima ngazi yetu dhidi ya karatasi nyeupe, #006666 inapata 6.8, kwa hiyo inafaa kwa maandishi ya aina yoyote. Ile ya asilimia 80 inapata 4.3. Kwa macho inaonekana inasomeka vizuri, lakini imekosa kipimo kwa kidogo sana, hivyo ibaki kwenye vichwa vya habari na maumbo, isiandikwe aya. Ile ya asilimia 60 inapata 2.9, nayo imekosa 3 kwa unywele. Asilimia 40 inashuka hadi 1.9, na asilimia 10 ni 1.16 tu. Haina maana kwamba hizi nyepesi hazifai. Maana yake ni kwamba zenyewe ni za kukaliwa: zinawekwa nyuma, na kilicho juu yake kinatoka upande wa giza. Maandishi ya #006666 juu ya #CCE0E0 yanapata 4.9, na ya #003333 juu yake yanapata 10. Kwa aya ndefu ndani ya kisanduku cha rangi, mimi huchagua hiyo ya mwisho bila kusita. Na maandishi meupe juu ya asilimia 40, ambayo huonekana sana kwenye slaidi, ni 1.9 ile ile. Aliyekaa nyuma ya ukumbi ataona kisanduku kitupu.

Ukumbini kuna jambo moja zaidi. Projekta kwenye chumba chenye madirisha wazi inapoteza kwanza ngazi za juu kabisa. Ile ya asilimia 10 hupotea na slaidi inaonekana nyeupe. Kama kazi yake ilikuwa kupamba tu, hakuna hasara. Kama ndiyo iliyokuwa ikitenganisha mstari wa "mikopo iliyolipwa" na wa "mikopo iliyochelewa" kwenye jedwali, wasikilizaji wamekosa taarifa. Pale weka mstari mwembamba wa #006666.

Kwenye chati, swali la kwanza ni kama makundi yana mpangilio. Umri wa wanachama una mpangilio: chini ya miaka 25, 25 hadi 34, 35 hadi 49, 50 na zaidi. Hapo ngazi za rangi moja zinafaa kabisa, nyepesi kwa wadogo na nzito kwa wakubwa, na msomaji anaelewa kabla hajasoma maelezo. Lakini matawi manne ya chama, tuseme Moshi, Same, Hai na Rombo, hayana mkubwa wala mdogo. Ukiyapaka ngazi nne, msomaji atadhani tawi lenye rangi nzito lina kitu zaidi. Kwa chati kama hiyo ni afadhali nguzo zote ziwe #99C2C2 na tawi unalolizungumzia liwe #006666, huku majina yameandikwa chini ya kila nguzo. Chati ya duara yenye vipande saba vya kijani kimoja, na kisanduku cha maelezo pembeni, usiithubutu: hakuna mtu anayeweza kulinganisha kipande cha tatu na alama ya tatu pale pembeni.

Vipande vinapogusana, kama kwenye nguzo za mrundikano, usitumie ngazi zinazofuatana. Asilimia 100 na asilimia 80 zina uwiano wa 1.6 tu baina yao. Ruka: #006666 kando ya #99C2C2 ni 3.5. Ukilazimika kutumia zinazokaribiana, weka mstari mweupe kati ya vipande.

Ili kazi hii isirudiwe kila mara, iingize kwenye faili la taasisi. Katika PowerPoint nenda `Design`, fungua mshale wa `Variants`, kisha `Colors` na `Customize Colors`. Chati huchukua rangi kuanzia `Accent 1` kwenda mbele, kwa hiyo usizipange kutoka nyepesi kwenda nzito. Weka #006666 kwenye `Accent 1`, #99C2C2 kwenye `Accent 2` na #003333 kwenye `Accent 3`. Chati yoyote ya makundi mawili itakayochorwa na mtu yeyote ofisini itatoka na tofauti ya kutosha bila yeye kufikiria. Safu za otomatiki bado zitaonekana chini ya kila rangi, na watu watazibofya, kwa hiyo waambie.

Wapo wanaokwepa hesabu yote hii kwa kuipa rangi uwazi, yaani kuacha asilimia 20 ya rangi ionekane. Juu ya nyeupe tupu matokeo ni yale yale, #CCE0E0. Ila umbo likipita juu ya picha au mistari ya gridi, vya chini vinachungulia, na maumbo mawili yakipishana panazaliwa rangi ya tatu ambayo haimo kwenye ngazi yako. Uwazi nauachia picha tu.

Kwenye mashine ya uchapishaji, rangi nyepesi haiwi wino mwepesi. Ni vitone vya wino ule ule vyenye nafasi kati yake. Kwenye eneo pana huvioni, lakini herufi ndogo au mstari mwembamba wa asilimia 40 hutoka na kingo zenye meno. Kwa herufi ndogo tumia wino kamili.

Njia hii ya kuchanganya inakwama kwenye njano. Chukua #FFCC00: juu ya nyeupe uwiano wake ni 1.5, kwa hiyo hata rangi kamili haiwezi kubeba maandishi. Ukiichanganya na nyeusi nusu kwa nusu unapata #806600, rangi ya matope ya kijani-kahawia ambayo hakuna mwenye nembo ya njano atakayeikubali. Jicho linategemea njano nzito ielekee machungwa, kwa hiyo kila unaposhuka ngazi punguza kijani kwa kasi kuliko nyekundu. #B36B00 inatoka yenye joto, bado ni jamaa ya njano, na uwiano wake juu ya nyeupe ni 4.2. Inatosha kwa nguzo za chati na vichwa vya habari. Aya za kawaida kwenye taasisi yenye nembo ya njano ziandikwe kwa nyeusi.