Mpira ukidunda ukutani: eneo usiliogope, muda ndio unaosumbua

Kila nikimpa mwanafunzi swali la mpira unaodunda ukutani, kosa la kwanza ni lile lile. Mpira wa tenisi wa kilo 0.058 unagonga ukuta kwa 12 m/s na kurudi kwa 8 m/s. Yeye anatoa: 12 − 8 = 4. Lakini mpira umegeuza uelekeo. Ukuta ulifanya kazi mbili: kwanza kuusimamisha, kisha kuurusha ulikotoka. Kwa hiyo badiliko la velositi ni 20 m/s, na badiliko la momenta ni 0.058 × 20 = 1.16 N·s. Anayetoa anapata jibu dogo mara tano.

Hiyo 1.16 ndiyo msukumo, na kwenye grafu ya kani dhidi ya muda ni eneo lililo chini ya mchoro. Tuseme kihisi cha kani kilichofungwa ukutani kimetupa kilima kinachoanza sifuri, kinapanda hadi karibu nyutoni 360, kisha kinashuka, yote ndani ya milisekunde 5. Mimi huhesabu viraba. Kiraba kimoja kikiwa na kimo cha nyutoni 20 na upana wa milisekunde 0.5, eneo lake ni 20 × 0.0005 = 0.01 N·s. Viraba vilivyokatwa na mstari navihesabu tu vinapofika nusu au zaidi. Nikipata 114, msukumo ni 1.14 N·s, karibu sana na hesabu ya momenta.

Kani ya wastani ni kimo cha mstatili wenye eneo hilo hilo na upana ule ule: 1.14 ÷ 0.005 = nyutoni 228. Wengine huchukua nusu ya kilele, yaani 180. Njia hiyo ni sahihi kwa pembetatu tu, na kilima chetu kina tumbo pande zote mbili.

Sasa penye utata. Mikia ya grafu haikatiki ghafla. Kihisi hutetemeka kidogo mpira ukishaondoka. Ukisema mgusano ulidumu milisekunde 6 badala ya 5, eneo halibadiliki kwa kitu cha maana, kwa sababu mikiani kani ni ndogo. Wastani, hata hivyo, unaporomoka hadi nyutoni 190. Ndiyo maana nikiona kani ya wastani imeandikwa bila muda uliotumika, siiamini.

Angalia pia kasi ya kihisi. Kikisoma mara 1,000 kwa sekunde, utapata nukta kama tano tu kwa mgongano mzima, na kilele kinaweza kupita katikati ya nukta mbili. Ukiona kilima chenye kona kali kama paa, na kilele kinabadilika sana ukirudia kutupa mpira kwa kasi ile ile, tatizo ni hilo.