Utosi unaonekana, miguu inapauka: maswali ya mama wa Nakuru baada ya hedhi kukoma

Daktari, nina miaka 53 na hedhi ilikoma miaka 3 iliyopita. Nauza nguo hapa Nakuru. Nikigawa nywele naona ngozi ya kichwa katikati, na miguu inapauka hata nikijipaka mafuta. Ni ugonjwa au ni umri?

Mama, kwa sehemu kubwa mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Ovari zimeacha kutengeneza homoni ya estrojeni kwa kiasi cha zamani, na kichwa na ngozi vyote viliitegemea.

Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika karibu miezi 3, kisha huanguka na mwingine kuota pale pale. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikirefusha muda wa kukua. Ikishuka, muda huo unafupika. Wakati huohuo, homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, hazishuki kwa kasi hiyo, kwa hiyo nguvu yake inaanza kuonekana. Kwa mwanamke aliyerithi wepesi wa kuathirika nazo, vishina vya nywele vya utosini hunywea, na kila unywele mpya unaota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Ndiyo maana hujaona mafungu ya nywele kwenye kitana lakini mstari wa katikati unazidi kupanuka. Urithi huo unaweza kutoka kwa mama au kwa baba, na ndio unaofanya wanawake wawili wa umri mmoja wasifanane.

Kwenye ngozi, estrojeni ilisaidia kutengeneza mafuta ya asili, kushika maji na kujenga kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi unene. Katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, ngozi hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Miguu hupauka mapema kwa sababu tangu mwanzo ina tezi chache za mafuta. Ongeza upepo mkavu na vumbi la Nakuru la Januari na Februari, na maji ya moto ya asubuhi zenye baridi, utaelewa kwa nini mafuta yaliyokutosha ukiwa na miaka 40 leo hayatoshi.

Lakini utosini panawasha, na wakati mwingine panachoma, hasa nikitoka saluni kusukwa. Hiyo pia ni homoni?

Hapana, na hapa nakuomba usisubiri. Nywele zinazopungua kwa sababu ya homoni kwa kawaida haziumi, haziwashi wala hazichomi.

Kuna upotevu mwingine wa nywele unaowapata sana wanawake wenye asili ya Afrika, mara nyingi wa umri wa makamo. Huanzia utosini na kusambaa pole pole kama duara. Ndani ya ngozi, vishina vinashambuliwa na uvimbe hadi vinakufa na kuacha kovu. Kwa kuwa unaanzia mahali palepale, wengi wanaambiwa ni umri, wanavaa wigi, na wanapofika kliniki ya ngozi kovu limeshatanda. Palipo na kovu unywele hauoti tena, hata utumie dawa gani. Palipo na uvimbe tu, bado panaokoleka.

Fanya hivi. Kaa nje mchana, gawa nywele utosini, na umwombe binti yako apige picha ya karibu kwa simu. Ikuze picha. Ukiona vitundu vidogo vidogo vya nywele kila mahali, hata vile vyenye unywele mwembamba sana, hiyo ni dalili njema. Ukiona ngozi laini inayong'aa, isiyo na vitundu, nenda kliniki ya ngozi upesi. Na hata vitundu vikiwepo, wewe unayechomwa nenda vilevile, kwa sababu maumivu yanaweza kutangulia kovu. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha ngozi, cha milimita 4 hivi, baada ya kukutia ganzi, ili kipimwe. Matibabu ni dawa za kutuliza uvimbe, za kupaka au za sindano kwenye ngozi ya kichwa, na pengine antibayotiki za kumeza kwa miezi.

Kabla hujamwona, acha dawa ya kulainisha nywele, pasi ya nywele na rasta nzito. Mwambie msusi asivute. Nywele zikivuta hadi uhitaji panadoli usiku, zimekazwa mno, fumua. Omba pia upimwe wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na tezi ya shingo, maana kasoro hizo hupunguza nywele na zinatibika.

Kwenye duka la dawa wameniambia ninunue minoksidili. Inafanya kazi kweli?

Kwa upungufu wa homoni, ndiyo, mradi uwe na subira. Ile ya maji ya asilimia 2 hupakwa mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni, kwenye ngozi ya kichwa iliyokauka, si kwenye nywele. Chupa ya mililita 60 inakutosha siku 30, kwa hiyo piga hesabu ya bei kabla hujaanza.

Katika wiki za mwanzo nywele zinaweza kuanguka zaidi. Wengi huacha hapo, na ndipo wanapopoteza pesa zao. Nywele zilizokuwa zikipumzika zinapisha mpya. Hukumu dawa baada ya miezi 6, kwa kulinganisha picha zilizopigwa mahali pamoja kwenye mwanga uleule. Ukiiacha, ulichopata kitapotea ndani ya miezi michache. Nawa mikono baada ya kupaka na usiiache itiririke usoni, itakuotesha vinyweleo. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Na wewe usianze kabla utosi wako haujakaguliwa.

Na miguu?

Hapa mabadiliko makubwa ni ya bafuni. Tumia maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni iishie kwapani, sehemu za siri kwa nje, na nyayo. Miguu na mikono maji yanatosha, isipokuwa ina vumbi. Sabuni ya kipande ni kali, inaondoa mafuta machache uliyobaki nayo, na maji yenye dawa ya kuua viini yanakausha zaidi. Usisugue kwa jiwe wala kwa wavu mgumu.

Jifute kwa kubonyeza taulo, kisha jipake ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu. Vaselini ya kawaida, isiyo na manukato, ni nzuri kuliko losheni nyingi za bei. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke, kwa hiyo ukiipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka inasaidia kidogo tu. Visigino vilivyopasuka vinahitaji krimu yenye yurea ya asilimia 10 au zaidi. Krimu za kung'arisha zikae mbali: ngozi yako tayari imekuwa nyembamba, na zile zenye steroidi zitaifanya nyembamba zaidi.

Mwili ukiwasha wote kwa wiki kadhaa bila upele, licha ya kujipaka, upimwe sukari, figo, ini na tezi ya shingo.

Si ningepewa tu vidonge vya homoni?

Vidonge hivyo hutolewa hasa kwa joto kali la ghafla na kukosa usingizi. Ngozi inaweza kunufaika, lakini havitolewi kwa ajili ya nywele au ngozi pekee, kwa kuwa vina hatari zake, kama damu kuganda na saratani ya matiti kwa baadhi ya wanawake. Kama joto linakusumbua, zungumza na daktari wa wanawake, umweleze shinikizo lako la damu na magonjwa ya ukoo. Na ukiona damu, hata tone moja, baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, nenda hospitali wiki hiyohiyo, uwe unatumia homoni au hutumii.