"Daktari, Mwandishi Amekataa Kunipa Data": Hebu Kwanza Nione Ulivyoomba

Wiki iliyopita alikuja wa nne mwaka huu. Mwanafunzi wa uzamili, ameketi ofisini kwangu hapa Kisumu na simu mkononi: "Daktari, huyu mwandishi amekataa kunipa data." Nikamwambia anisomee imeli aliyotuma. Aya 3 za kwanza zilikuwa salamu, sifa na historia ya masomo yake tangu shahada ya kwanza. Katika aya ya nne ndipo ombi lilipojitokeza: "Naomba data ghafi yote ya utafiti wenu." Basi.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba ombi likiwa pana na imeli ikiwa ndefu ndipo heshima inapoonekana. Ukweli ni kinyume chake. Mwandishi wa mawasiliano anasoma imeli yako kati ya vikao viwili. Akiulizwa kitu cha kujibu kwa dakika 10, atajibu. Akiombwa "data yote", inabidi atafute faili za miaka 8 iliyopita, akumbuke safu iliyoandikwa "trt2b" ilimaanisha nini, awaulize wenzake kama wanakubali, pengine na mfadhili pia. Hakukataa. Aliiacha ya baadaye, na baadaye haikufika.

Niwape mfano wa huyu wa wiki iliyopita, kwa ruhusa yake. Anakusanya majaribio ya kupanda mahindi na desmodiamu dhidi ya gugu la striga, kayongo kama tunavyoiita huku. Makala moja ya 2016 ilikuwa na mashamba mawili, Busia na Siaya, vitendewa 5 na marudio 4. Mavuno ya Busia yamo ndani ya makala. Ya Siaya yamepelekwa kwenye Jedwali S2, na kiungo chake kwenye tovuti ya jarida kimekufa. Yeye alitaka mkengeuko sanifu wa mashamba yote mawili, hakuuona popote, akaomba kila kitu.

Lakini wa Busia ulikuwepo mbele ya macho yake. Chini ya jedwali kumeandikwa LSD ya asilimia 5, yaani tofauti ndogo kabisa ya wastani mbili inayohesabiwa kuwa ya kweli, kuwa tani 0.9 kwa hekta. Vitendewa 5 na marudio 4 katika bloku kamili vinakupa digrii huru za kosa 4 × 3 = 12, na thamani ya t kwa 12 ni 2.179. Gawanya 0.9 kwa 2.179 upate 0.413, ambalo ni kosa sanifu la tofauti ya wastani mbili. Lipige kipeo cha pili, zidisha kwa marudio, gawanya kwa 2 upate MSE, yaani wastani wa miraba ya kosa, kisha toa kipeuo cha pili:

```
SED = LSD / t
MSE = SED^2 * r / 2
SD  = sqrt(MSE)
```

Jibu ni tani 0.58 kwa hekta. Hapo huhitaji kumsumbua mtu. Wengi wanaokuja kwangu wakilia kwamba makala haina mkengeuko sanifu wana LSD, kosa sanifu au kipindi cha uhakika palepale kwenye ukurasa. Kosa sanifu la wastani ukilizidisha kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli umemaliza. Ombeni kisichopatikana, si kilichowashinda kukokotoa.

Siaya sasa ni jambo jingine. Namba zake hazimo popote, na huwezi kuazima za Busia kwa sababu udongo na wingi wa striga si sawa. Hilo ndilo la kuandikia. Tuliandika pamoja, kwa lugha ya makala. Nawawekea kwa Kiswahili:

Kichwa: Jedwali S2 (Siaya) katika makala yenu ya 2016 kuhusu striga

"Daktari mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa agronomia, na ninachanganua kwa pamoja majaribio ya mahindi na desmodiamu. Ukurasa wa 7 wa makala yenu unaelekeza kwenye Jedwali S2, lakini kiungo chake hakifunguki. Naomba namba za Siaya pekee: wastani wa mavuno wa kila kitendewa, idadi ya marudio, na LSD au MSE. Jedwali katika hali yoyote litatosha, hata picha ya ukurasa. Namba zitatokea kwenye kiambatisho cha tasnifu yangu pamoja na nukuu ya makala yenu. Kama hilo lina tatizo, tafadhali nieleze. Ninafunga uchanganuzi mwishoni mwa mwezi ujao."

Jina, chuo, jina la msimamizi, mwisho. Angalieni kichwa: anayekisoma tu anajua ni faili gani afungue. Mambo 3 yaliyoombwa yametajwa kwa majina. (Na jamani, tumieni anwani ya chuo. Imeli ya jina la utani inaishia kwenye spamu, na ni haki yake.)

Dhana ya pili: makala ikisema data "inapatikana kwa kuomba", basi ni haki yako kupewa. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi ya watafiti walioandikia waandishi wa makala 1,792 zilizokuwa na ahadi ya namna hiyo. Waliotoa data walikuwa 122. Kwa hiyo pangeni tasnifu mkijua pengine hamtapata, na kabla ya kuandika tafuteni kwenye hifadhi za data za Zenodo, Dryad na Dataverse, na kwenye tasnifu ya mwandishi wa kwanza. Tasnifu nyingi zina majedwali ambayo jarida lilikosa nafasi nayo.

Dhana ya tatu, kwamba kimya maana yake anaficha kitu. Mara nyingi anwani imekufa. Utafiti wa 2014 uliofuatilia makala 516 za umri wa miaka 2 hadi 22 ulikuta kwamba kadiri makala inavyozeeka ndivyo anwani zinavyoacha kufanya kazi na data yenyewe inavyopotea. Tafuta makala yake ya karibuni uone anwani mpya. Subiri wiki 2, kumbusha mara moja juu ya imeli ileile, kisha mwandikie mwandishi mwenza. Mhariri wa jarida ni wa mwisho. Anayemwekea mhariri nakala kwenye imeli ya kwanza ameshachokoza ugomvi.

Kuhusu data ya wagonjwa, sina subira kabisa na anayebishana. Mwandishi akisema hawezi kutuma rekodi za watu, usibishane. Fomu ya ridhaa na kamati ya maadili vinamfunga, na hapa Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwombe jedwali la muhtasari ambalo halimtambulishi mtu.

Jibu la Siaya lilifika baada ya siku 5, picha ya ukurasa kutoka daftari la shamba, LSD 1.2. Chini yake mwandishi alikuwa ameongeza sentensi moja: mbuzi waliingia bloku ya nne, kwa hiyo marudio ya Siaya ni 3, si 4 kama makala ilivyosema. Digrii huru zikashuka kutoka 12 hadi 8, t ikapanda hadi 2.306, na mkengeuko sanifu ukatoka 0.64. Kwa marudio 4 ya kwenye makala, angeandika 0.78.